Tumbo Linaloharisha Halitoki Jasho

Mtu mzima akichafukwa na tumbo hapa Moshi, hospitali huwa si mahali anapoanzia. Ataagiza mtu dukani au atajikokota mwenyewe, na atarudi na kimoja kati ya vitu vitatu: chupa ya kinywaji cha wanamichezo chenye rangi ya kung'aa, kopo la enaji, au boksi la glukosi ya unga. Pakiti ya ORS, yaani unga wa glukosi na chumvi wa kuchanganya na maji, ambayo ipo kwenye rafu ya duka la dawa lile lile na kwa kawaida ni rahisi kuliko hivyo vyote, haiguswi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ile ni ya watoto.

Jibu hilo lina kasoro kubwa kihistoria. Majaribio yaliyoupa ulimwengu maji haya yalifanywa kwa watu wazima. Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wazima wa kipindupindu maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo maalumu, na wakaona kwamba wagonjwa hao walihitaji dripu kidogo mno kuliko wale waliotibiwa kwa dripu peke yake. Miaka mitatu baadaye, wakati wa vita vya Bangladesh, Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akawachanganyia watu chumvi na glukosi kwenye madumu, wakubwa kwa wadogo, na vifo vikashuka hadi chini ya asilimia 4 mahali ambapo kabla yake karibu theluthi moja ya wagonjwa walikuwa wakifa. ORS ilikuja kuhusishwa na watoto baadaye, kwa sababu kliniki za mama na mtoto ndizo zilizoieneza, na kwa sababu mtoto huishiwa maji haraka zaidi. Utumbo wa mtu mzima hunyonya maji kwa njia ile ile.

Tuitazame njia hiyo, maana humo ndimo kinywaji cha wanamichezo kinapopungukiwa.

Utumbo mwembamba hauna uwezo wa kuvuta maji moja kwa moja. Unavuta chumvi na sukari, na maji hufuata nyuma yake. Kwenye kuta zake kuna protini inayoitwa SGLT1, na kazi yake ni kuingiza chembe mbili za sodiamu pamoja na chembe moja ya glukosi, kwa mpigo mmoja. Sodiamu ikija peke yake haipiti hapo, na glukosi ikija peke yake haipiti pia. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyeieleza habari hii mwaka 1960. Uzito wake kwa mgonjwa ni kwamba mlango huu hubaki unafanya kazi hata wakati mtu anaharisha. Sumu ya kipindupindu, kwa mfano, hulazimisha utumbo kumwaga maji nje, lakini haiufungi mlango huu. Ndiyo maana mtu anayeharisha bila kukoma bado anaweza kunywa na akabakiza maji mwilini, mradi kile anachokunywa kina sodiamu na glukosi kwa uwiano unaofaa.

Katika ORS inayotumika leo, idadi ya chembe za glukosi ni sawasawa na idadi ya chembe za sodiamu. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Vyote kwa pamoja ni gramu 20.5. Ukiionja, utasikia utamu wa mbali na chumvi inayofanana na ya machozi. Watu wazima wengi huiacha kwa sababu ya ladha hiyo, wakidhani imeharibika au wameichanganya vibaya.

Kinywaji cha wanamichezo kina hesabu nyingine, na kina haki ya kuwa nayo. Aina maarufu kuliko zote ilibuniwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida na daktari Robert Cade na wenzake, kwa ajili ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani waliokuwa wakizimia kwa joto. Mwanariadha anatoka jasho, na jasho lina chumvi kiasi. Utumbo wake ni mzima kabisa. Misuli yake inaunguza sukari kila dakika na inataka nyingine. Kwa hiyo akapewa sukari ya kutosha, karibu gramu 6 katika kila mililita 100, na sodiamu kidogo, miligramu 45 hadi 50 hivi kwa ujazo huo huo. Kwa mtu anayekimbia mbio ndefu za Kilimanjaro, akipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Mweka jua likimchoma utosi, hesabu hiyo inamfaa. Anayekimbilia chooni mara kumi kwa siku yuko kwenye hali tofauti.

Mwenye kuharisha anapoteza sodiamu kwa wingi zaidi. Kwa kuharisha kwa kawaida kunakosababishwa na bakteria wa chakula kichafu, kila lita ya choo cha majimaji inaweza kubeba sodiamu miligramu 1,400 hivi. Kwa kipindupindu cha mtu mzima inafika 3,000. Hasara ni kubwa, na utumbo wenyewe umejeruhiwa. Vinyweleo vinavyomeng'enya na kunyonya sukari vimepungua nguvu, hasa kama chanzo ni virusi.

Sasa tumchukue dereva mmoja wa Noah za Moshi na Arusha. Ni mtu wa kufikirika, ila wa aina yake wamejaa stendi. Ana miaka 35 na kilo 70. Jana usiku alikula nyama iliyolala, na tangu saa kumi alfajiri anaharisha. Hadi jioni amepoteza lita 3. Kwa hesabu ya hapo juu, sodiamu iliyomtoka ni miligramu 4,200 hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa.

Akinywa lita 3 za kinywaji cha wanamichezo, maji yamerudi kwa kipimo cha macho. Lakini sodiamu iliyoingia ni miligramu 1,400, theluthi moja tu ya iliyotoka. Pamoja nayo ameingiza gramu 180 za sukari. Kama angetaka kurudisha sodiamu yote kwa kinywaji hicho, ingembidi anywe lita 9, na kuweka tumboni zaidi ya nusu kilo ya sukari.

Akinywa lita 2 za ORS, na lita ya tatu ikawa ya maji, chai ya rangi na uji, sodiamu ya kwenye ORS peke yake ni miligramu 3,450 na sukari yake ni gramu 27. Kilichobaki atakipata kwenye bakuli moja la supu yenye chumvi.

Zile gramu 180 za sukari nazo hazikai kimya. Sukari ambayo haijanyonywa hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kutoka kwenye damu, ili kujizimua. Hapo mtu anakunywa na bado anaharisha zaidi, tumbo linajaa gesi na kunguruma. Anadhani ugonjwa umezidi, kumbe sehemu ya maji anayoyaona chooni yameletwa na chupa aliyoinunua. Yapo maelezo mazuri ya jambo hili katika historia ya ORS yenyewe. Fomula ya zamani ilikuwa na gramu 20 za glukosi kwa lita na chumvi zaidi kidogo. Tafiti zikaonyesha kwamba hata hizo zilikuwa nyingi, kwani watoto waliopewa fomula nyepesi walitapika kidogo, walitoa choo kidogo na wachache zaidi walihitaji dripu. Kwa hiyo mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaishusha glukosi hadi gramu 13.5, na chumvi nayo ikapunguzwa. Ikiwa gramu 20 zilionekana kuzidi, za kinywaji cha wanamichezo ni karibu 60 kwa lita, na za soda au enaji ni 100 na ushei.

Enaji niiseme kwa ufupi kwa sababu haistahili mjadala mrefu. Ina sukari kama soda na ina kafeini, ambayo huharakisha mapigo ya moyo uliokwisha kuhangaika kwa upungufu wa maji. Watu huichanganya na kinywaji cha wanamichezo kwa kuwa zote hukaa kwenye friji moja na zote zina picha za watu wenye misuli. Kwa mgonjwa wa kuharisha, iacheni hapo hapo kwenye friji. Glukosi ya boksi nayo ni sukari tupu. Mlango ule wa sodiamu na glukosi hauifungukii sawasawa ikija peke yake, na ile nguvu anayoisikia mgonjwa baada ya glasi haidumu.

Nisiwe mwonevu. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliowalinganisha watu wazima waliolazwa Marekani kwa kuharisha kwa virusi. Baadhi walipewa kinywaji cha wanamichezo na wengine maji ya aina ya ORS, na wote walirudishiwa maji vizuri kwa kiasi kinachokaribiana. Miongozo ya madaktari wa tumbo wa huko inakubali pia kwamba mtu mzima mwenye afya njema na kuharisha kwa kawaida anaweza kujimudu kwa maji, juisi, vinywaji hivi na supu yenye chumvi. Nakubaliana nao kwa masharti yao: mgonjwa ameharisha mara tatu au nne, anakula, anakojoa, na figo zake nzima zinaparekebisha palipopungua. Lakini katika utafiti ule ule, waliokunywa kinywaji cha wanamichezo waliendelea kuwa na potasiamu ya chini kwenye damu. ORS ina potasiamu zaidi ya mara sita ya kinywaji hicho. Potasiamu ikipungua, miguu inalegea na misuli inakaza, na mtu anashindwa kuelewa kwa nini bado ni dhaifu ilhali kuharisha kumekoma.

Hapo ndipo Uchagani kuna bahati ambayo haisemwi. Bakuli la mtori lina potasiamu ya ndizi, lina wanga unaoyeyuka polepole kuwa glukosi, na likitiwa chumvi linakuwa na sodiamu. Liwe jepesi, mafuta yaenguliwe juu, na chumvi isionewe haya. Mgonjwa anayekunywa kinywaji cha wanamichezo na akala mtori wa namna hiyo yuko mahali pazuri kuliko anayekunywa kinywaji peke yake, kwa kuwa sodiamu iliyokosekana kwenye chupa ameipata kwenye bakuli. Pingamizi langu ni pale chupa inapowekwa badala ya kila kitu, kwa mtu aliyezidiwa, asiyeweza kula.

Na mara nyingi inawekwa. Nimesimama kwenye duka la dawa si mbali na stendi, akaingia baba mmoja wa makamo, mdomo umemkauka, ameegemea kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo limeniendesha tangu jana. Nipe kitu cha kurudisha nguvu."

Binti wa dukani akamwonyesha chupa ya bluu. "Hii ina madini, mzee. Wanariadha ndiyo wanatumia."

Hakusema uongo. Madini yamo, na wanariadha wanaitumia. Ila hakumuuliza ameenda chooni mara ngapi, wala amekojoa saa ngapi, na pakiti za ORS zilikuwa nyuma ya bega lake karibu na dawa za minyoo. Simlaumu sana. Mteja mwenyewe angeiona pakiti ingemdhalilisha, na faida ya duka kwenye chupa ni nzuri zaidi. Kibandiko nacho kinasaidia kupotosha: neno elektrolaiti huandikwa kwa herufi kubwa mbele, na kiasi chake kwa herufi za sisimizi nyuma.

Kwa hiyo geuza chupa. Tafuta sodiamu kwa mililita 100. ORS iliyochanganywa sawasawa ina miligramu 170 hivi. Ukiona 45 au 50, hicho ni cha jasho. Ukiona chini ya 20, unanunua soda isiyo na gesi. Kisha angalia sukari kwa ujazo huo huo: ORS ina gramu 1.4, na kinachokaribia 6 au zaidi ni kizito kwa tumbo linaloharisha. Baadhi ya vibandiko huandika chumvi badala ya sodiamu. Hapo kumbuka kwamba gramu moja ya chumvi ina sodiamu miligramu 400 tu, usije ukasifia kitu kwa tarakimu iliyovimba.

Pakiti nayo inaharibiwa majumbani, na mara nyingi kosa ni la ujazo. Soma imeandikwa ya lita ngapi, kwa sababu zipo ndogo za mililita 200 na 500. Ile ya lita moja ikimwagwa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi na sukari vinakuwa maradufu. Kinachopatikana kinavuta maji badala ya kuyaingiza, na sodiamu inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari. Ikimwagwa kwenye chupa kubwa ya lita moja na nusu, ambayo ndiyo iliyojaa madukani kwetu, inakuwa hafifu. Chupa mbili za nusu lita zikimiminwa kwenye jagi safi zinatoa kipimo kamili. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, au ya chupa iliyofungwa. Usiongeze sukari ili kuinogesha. Usiichanganye na soda, juisi wala kinywaji cha wanamichezo, kwani mahesabu yote ya uwiano yanavunjika palepale. Kama ladha inakushinda, ipoze kwenye friji, maana ikiwa baridi inanyweka. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Mtu mzima anywe glasi moja hadi mbili kila baada ya kwenda chooni. Aliyekwisha kuonyesha dalili za kukaukiwa, yaani kiu kali, macho yaliyoingia ndani, kizunguzungu akisimama, anaweza kuhitaji lita 2 hadi 4 katika saa nne za kwanza. Akitapika, asubiri dakika kumi, aanze tena kwa vijiko au mafunda madogo. Kinachotapikwa huwa si chote kilichonywewa.

Pakiti ikikosekana kabisa usiku, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Haina potasiamu, na inamtegemea sana mwenye kijiko. Kijiko cha chumvi kikilundikwa kinageuka hatari. Hata hivyo, ikipimwa vizuri, sodiamu yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kinywaji cha wanamichezo, na sukari yake haifiki nusu.

Jambo moja linawafanya watu waiache ORS katikati ya safari: haikomeshi kuharisha. Mtu amekunywa lita nzima na bado anakimbia chooni, basi anasema haifanyi kazi, anarudi kwenye chupa ya bluu. Kuharisha kwa virusi au bakteria wengi kutakoma kwenyewe kwa siku chache. Kazi ya ORS ni kumfikisha mgonjwa huko akiwa na damu inayozunguka. Ipime kwa mkojo. Ukitoka kila baada ya saa tatu au nne na rangi yake ikawa inapauka, maji yanaingia, hata kama choo bado ni laini. Dalili nyingine ni kusimama bila kizunguzungu, na mate kurudi mdomoni.

Wenye kisukari huniuliza kama glukosi ya pakiti itawapandishia sukari. Gramu 13.5 kwa lita ni kidogo, na kukaukiwa maji kwenyewe kunapandisha sukari zaidi. Wapime mara kwa mara na wanywe. Kinywaji cha wanamichezo ndicho cha kuogopwa, maana lita moja yake ina mara nne ya hiyo. Wenye presha huogopa chumvi, lakini chumvi hii inajaza pengo la iliyotoka. Wenye ugonjwa wa moyo au figo, na wanaotumia vidonge vya kukojosha, wao waongee na daktari mapema kabla ya kunywa lita kwa lita, kwa kuwa dawa zao zinaweza kuhitaji kusimamishwa siku mbili tatu na potasiamu yao haitabiriki.

Upo pia mpaka ambao pakiti haiuvuki. Choo chenye damu, homa kali, choo cheupe kama maji ya mchele kinachomiminika bila kukoma, kutapika kusikoacha hata funda likae, saa sita bila tone la mkojo, au mgonjwa anayeanza kuongea asivyoeleweka: huyo apelekwe hospitali ya Mawenzi, au ya Mount Meru kama yuko Arusha, awekewe dripu. Njiani aendelee kunyweshwa ORS kwa mafunda, maadamu anaweza kumeza.